Uzi: Najaza rafu za saluni Mwanakwerekwe. Rangi na dawa za nywele zichaguliwe vipi kwa vilivyomo ndani?

Bint_Kwerekwe

Asalaam alaykum wapendwa. Nafungua saluni ya kina mama, viti vitatu, karibu na soko la Mwanakwerekwe. Wateja ninaowatarajia ni wa kuritachi, watu wazima wanaoficha mvi, na maharusi. Nywele ni za kila aina: ngumu, laini, na za singa zilizochanganyika.

Kila duka la Darajani ninaloingia naambiwa "chukua hii, ndiyo inayotoka". Hiyo hainisaidii. Nataka kujua nisome nini kwenye boksi kabla ya kulipa, nguvu zipi nizinunue na kwa kiasi gani, na kumjaribu mteja kwenye ngozi kunafanywaje hasa. Rangi na dawa zote mbili.

FundiRangi_Jangombe

Waalaykum salaam. Nianze na rangi, kwa sababu Zanzibar rangi nyeusi ina mtihani wake, nao ni piko.

Rangi nyingi nyeusi na kahawia iliyoiva zinazodumu hutegemea PPD. Kwenye boksi la Kiingereza utaona herufi ndogo p, kistari, kisha neno refu linaloishia na "diamine". Ndugu yake wa karibu huanza na neno "Toluene", naye pia huishia na "diamine". Ulaya wanaruhusu kila mmoja usizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, na hawaruhusu PPD ipakwe kwenye ngozi ya mwili hata kidogo.

Sasa piko. Piko inayokoza nyeusi mkononi kwa muda mfupi mara nyingi si majani, ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa mzito. Uchambuzi uliochapishwa nje kuhusu michoro ya namna hiyo umewahi kukuta PPD zaidi ya asilimia 15. Mtu huchorwa, huenda asione kitu, lakini mwili wake tayari umeshaijua PPD na kuichukia. Miaka baadaye anakaa kwenye kiti chako, anapakwa rangi ya kawaida kabisa, na kesho yake macho hayafunguki kwa uvimbe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja wa rangi si "unataka nyeusi gani". Ni hili: umewahi kuchorwa piko, na ilikuwasha, ikavimba au ikatoa malengelenge? Akisema ndiyo, hapakwi rangi yenye PPD wala ile ya ndugu yake, kwa sababu wengi wanaokataliwa na moja hukataliwa na nyingine. Mtu huyo hata jaribio la ngozi usimfanyie. Jibu unalo tayari, na jaribio litamuumiza bure.

Rafu yako ya rangi ningeigawa hivi. Kwanza rangi za krimu zinazochanganywa na pereksaidi: nyeusi ya asili, kahawia iliyoiva na kahawia ya kati. Vivuli hivyo vitatu vitakubeba wateja wengi. Ukumbuke kwamba kadiri rangi inavyokoza ndivyo PPD inavyozidi, kwa hiyo mwenye mvi anayeridhika na kahawia usimsukume kwenye nyeusi. Pili, unga wa kuchanganya na maji matupu kama Bigen, kwa sababu watu wazima watauulizia. Usidhani unga huo hauna kemikali kwa kuwa unachanganywa na maji. Ndani yake mna perborati, nayo ikilowa hutoa pereksaidi yenyewe. Tatu, hina safi ya majani isiyochanganywa na kitu, kwa wale waliokataliwa na PPD. Hina safi hutoa wekundu wa kahawia basi. Ukiona "hina nyeusi" inayokoza ndani ya saa moja, ndani mna kitu kingine, na usiiweke rafuni.

Pereksaidi nunua asilimia 6, ile wanayoiita ishirini, na chupa moja ya asilimia 3. Ya 9 na ya 12 usianze nazo. Kuficha mvi hakuzihitaji, na juu ya nywele zilizokwisha kuwekwa dawa zinakatakata.

Salma_Michenzani

Mashallah umeeleza. Mie naongezea kwenye dawa za kunyoosha. Nunua zile za nolai tu, achana na zenye lai. Nolai haiunguzi, ndiyo maana hata za watoto zinatengenezwa hivyo, na huna haja ya kupaka mafuta ya mgando kichwani. Na dawa pia ifanyiwe jaribio la ngozi saa 48 kama rangi, nyuma ya sikio, uone kama anaipokea.

Mfamasia_Chake

Dada Salma, hapo mwisho naomba watu wasikufuate, tafadhali. Usimpake mtu dawa ya kunyoosha nyuma ya sikio ukamuacha nayo saa 48. Utamtoboa.

Jaribio la rangi linatafuta mzio. Mzio ni kinga ya mwili kukichukia kitu, huchukua siku moja au mbili kujitokeza, na kwa mtu mmoja hutokea huku mwenzake hapati chochote. Dawa ya kunyoosha haifanyi kazi hivyo. Ni alkali kali, pH yake inapita 12, na inaunguza ngozi ya mtu yeyote ikikaa vya kutosha. Swali lake si "anaipokea?" bali "imekaa dakika ngapi, na ngozi ilikuwa nzima?"

Na hilo la nolai kutounguza ni nusu ya ukweli. Ni kweli wengi husikia muwasho mdogo zaidi kuliko wa lai. Lakini utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2019 ulipima pH za dawa za lai, za nolai, na zilizotangazwa kuwa za watoto, na zote zilikuwa katika kiwango cha kuunguza ngozi. Picha ya mtoto kwenye boksi haibadilishi kilichomo ndani. Mafuta ya mgando yapakwe kwa zote, kwenye mstari wa paji la uso, masikioni, kisogoni, na kila palipogawanywa.

Badala ya jaribio la ngozi, dawa ina mambo mawili. La kwanza ni kukagua kichwa penye mwanga mzuri, ukigawa nywele fungu kwa fungu. Kidonda, upele, mba iliyokwanguliwa, au kichwa kilichofumuliwa misuko jana: siku hiyo dawa haiwekwi. Mwambie pia mteja asijikune wala asioshe kichwa siku mbili tatu kabla ya kuja. La pili ni kujaribu kwenye unywele. Chukua kishungi chembamba cha nyuma, kipake kwa dakika zilizoandikwa, kioshe, kisha kivute taratibu kikiwa na maji. Kikinyooka na kurudi, endelea. Kikirefuka kama mpira bila kurudi, au kikikatika, nywele zile hazibebi dawa hata ya nguvu ndogo.

Salma_Michenzani

Nimekuelewa kaka, hilo la nyuma ya sikio nalifuta. Ila wengine tunaona wateja wa nolai hawalalamiki kuungua. Kwa nini basi nywele zao zinakauka?

FundiRangi_Jangombe

Kwa sababu ya chokaa, bi Salma. Nolai za boksi, kama ORS Olive Oil au zile za Dark and Lovely, zina krimu yenye kalisiamu haidroksaidi, Ca(OH)2, na kichupa cha maji ya guanidini. Ukivichanganya, guanidini ndiyo inayonyoosha, na kalisiamu inabaki kama chokaa juu ya unywele. Nywele zinafifia na kukwaruza. Kisha unaosha kwa maji ya kisima ya Unguja, ambayo yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa yake. Tatizo linaongezeka kila mwezi.

Dawa yake ni shampuu ya kuondoa madini mara moja kati ya ritachi na ritachi, na kuosha mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa ikiwa kisima chako kinaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Birika ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote.

Jambo la pili linaloharibu nolai hapa kwetu ni kubana matumizi. Kichupa kizima ni cha kopo zima. Msusi anamimina nusu, anafunga kopo, anaweka kwa mteja wa wiki ijayo. Nusu iliyochanganywa inapoteza uwiano wake, na kopo lililobaki halijulikani tena nguvu yake ni ipi. Ukishachanganya, tumia siku hiyo, kinachobaki mwaga. Ndiyo maana nolai nasema nunua maboksi ya mtu mmoja mmoja, si makubwa.

MamaWete

Naingia kwa upande mwingine. Saluni yenye msusi aliyefunzwa isiogope lai. Lai ni sodiamu haidroksaidi, NaOH, inakuja imeshachanganywa, haiachi chokaa, inasafishika vizuri na nywele zinabaki na mng'ao. Ubaya wake ni haraka yake. Anayesema na simu huku anapaka asiiguse.

Ulaya dawa ya NaOH ya kutumia nyumbani hairuhusiwi kupita asilimia 2, ya saluni hairuhusiwi kupita 4.5. Umbali huo unaonyesha ni kitu cha mikono ya aina gani. Kopo kubwa linafaa kwa lai, ilimradi unachota kwa mwiko mkavu wa plastiki na unafunga papo hapo.

Bint_Kwerekwe

Nashukuru sana. Na nguvu? Kwenye makopo naona maildi, regula na supa. Muuzaji ananiambia wanawake wa hapa wanataka supa.

MamaWete

Muuzaji anauza, mwanangu. Nguvu inachaguliwa kwa unene wa unywele mmoja mmoja na kwa yaliyokwisha kuupata, si kwa ugumu wa kuchana. Watu wanachanganya hapo. Kipilipili kinaweza kuwa kigumu kuchana na huku unywele wake ni mwembamba kabisa. Huyo ukimpa supa unamkata.

Maildi ni kwa unywele mwembamba, uliopakwa rangi, na za singa zenye mawimbi zinazotaka kulazwa tu. Regula ni kwa walio wengi. Supa ni kwa unywele mnene, mzima, usio na rangi, unaogoma kulala. Kwa kila makopo kumi ningenunua sita ya regula, matatu ya maildi, moja la supa.

Mfamasia_Chake

Mie hilo moja la supa pia nisingeliweka. Likiwepo, siku saluni imejaa litatumika kuokoa dakika. Regula iliyopakwa vizuri na kulazwa kwa mgongo wa kitana hufanya kazi hiyo hiyo.

MamaWete

Kuna nywele regula inazishindwa, mwanangu, na mteja akiondoka hajaridhika atarudia dawa nyumbani wiki ile ile. Huko ndiko kuungua kwenyewe. Bora supa mikononi mwangu.

Mfamasia_Chake

Hoja yako naipata, lakini bado sikubaliani nayo kwa saluni mpya. Tuyaache hapo.

Nachotaka kisisahaulike ni saa. Dakika zinahesabiwa tangu dawa ilipogusa kichwa mara ya kwanza, si tangu ulipomaliza kupaka. Karatasi ya boksi ndiyo inayosema mwisho ni lini, na nyingi hazivuki 20. Mteja akisema panachoma, osha mara moja hata kama bado dakika kumi. Usimwambie avumilie. Baada ya maji, tumia ile shampuu inayobadilisha rangi. Povu likiwa la waridi, dawa bado imo. Rudia mpaka povu liwe jeupe, kisogoni na nyuma ya masikio hasa, maana huko ndiko inakobaki.

BiHarusi_Bububu

Samahani naingilia. Mimi naolewa Jumamosi ijayo, inshallah. Nataka kuritachi, kupaka nyeusi, na piko ya mikono na miguu. Sikukuu iliyopita piko ilinitoa vilengelenge kwenye kiwiko, lakini vilikauka wenyewe kwa siku chache. Nikiwahi saluni Alkhamisi, rangi gani nzuri isiyo na amonia?

FundiRangi_Jangombe

Hongera, Mungu akujaalie kheri. Lakini swali lako lina jibu usilolitaka. Vilengelenge kwenye kiwiko ndiyo dalili niliyoieleza juu kabisa. Amonia haihusiki. Rangi isiyo na amonia inaweza kuwa na PPD sawa na yenye amonia, kwa sababu amonia kazi yake ni kufungua unywele tu. Usipake rangi nyeusi ya kudumu Alkhamisi wala siku nyingine mpaka daktari wa ngozi akupime, na piko usirudie. Mara ya pili mwili haungoji siku mbili, unaweza kuvimba uso ndani ya saa chache, nawe ndiye bibi harusi.

Chora hina safi, Jumatano au Alkhamisi, ndiyo itakuwa imeiva Jumamosi. Ritachi inawezekana ikiwa kichwa ni kizima, kwa sababu dawa haina PPD. Lakini ifanye sasa, si Alkhamisi, ili kama kuna palipochubuka papone.

Na kwa Bint, huu hapa mpangilio wa bibi harusi asiye na historia ya mzio, anayetaka vyote viwili. Dawa na rangi havifanywi siku moja. Dawa hutangulia, na kati yake na rangi ziwepo wiki mbili kamili. Harusi ikiwa Jumamosi, rangi iwe Jumanne ya wiki ile ile. Jaribio la ngozi liwe Jumamosi ya kabla yake, na ritachi iwe Jumanne wiki mbili kabla ya siku ya rangi. Akija wiki moja kabla ya harusi akitaka vyote, anachagua kimoja.

Bint_Kwerekwe

Nifafanulie hilo jaribio la Jumamosi, hatua kwa hatua, nilibandike ukutani.

Mfamasia_Chake

Vaa glavu. Osha kwa sabuni na ukaushe sehemu ya ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio. Chukua rangi ile ile utakayompaka, boksi la chapa na kivuli kile kile, kwa sababu jaribio la kahawia halikuambii chochote kuhusu nyeusi. Soma karatasi: watengenezaji wengine wanataka rangi peke yake, wengine iliyochanganywa na pereksaidi, na wengine wanataka ioshwe baada ya dakika 45 badala ya kuachwa. Fuata karatasi ya boksi hilo, si ya lile la jana. Paka duara la upana wa sentimita moja, nyembamba, iache ikauke bila kuifunika.

Mpe mteja maelezo kwa maandishi: asikune, asipake mafuta juu yake. Kikianza kuwasha au kuvimba, aoshe kwa maji mengi na akuarifu. Mtazame baada ya saa 48. Mie naongeza siku ya tatu, kwa kuwa mzio wa PPD unaweza kuchelewa, na ndiyo maana ratiba ya hapo juu imeanzia Jumamosi na kuishia Jumanne. Wekundu, muwasho, uvimbe, vipele, chochote kati ya hivyo ni hapana. Hakuna "wekundu kidogo".

Andika daftarini jina, chapa, kivuli, namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo, tarehe na matokeo. Na jaribio lirudiwe kila mara, hata kwa mteja wa miaka kumi, maana mzio hujengeka. Wenye chini ya miaka 16 usiwapake kabisa. Maboksi mengi yenyewe yameandika hivyo.

Mzio ukitokea pamoja na yote hayo, osha rangi kwa maji mengi. Ukiona macho au midomo inavimba, au mteja anahema kwa shida, ni hospitali muda huo huo, Mnazi Mmoja kwa mjini, na boksi aende nalo mkononi.

Salma_Michenzani

Na wateja wanaokataa kungoja siku mbili? Wako wengi, na saluni ya jirani inawapaka papo hapo.

FundiRangi_Jangombe

Jaribio fanya bure, siku yoyote, hata akipita kwenda sokoni. Ni rangi ya ncha ya kijiti. Anayekataa mpe hina, au mwache aende. Wengine watakwenda kweli, hilo sina la kulifanya.

Bint_Kwerekwe

La mwisho. Darajani kuna makopo ya bei nzuri, ila mengine karatasi ya ndani haimo na mengine mafuta yameelea juu. Muuzaji anasema ni joto tu, nikoroge.

MamaWete

Usikoroge, liache dukani. Dawa ya kunyoosha iliyotengana haina nguvu moja tena. Ukichota juu unapata mafuta, ukichota chini unapata alkali iliyokusanyika, na kichwa kimoja kinaungua upande mmoja huku upande wa pili haujanyooka. Lililokaa juani kwenye dirisha la duka au kwenye kontena ndilo linalotengana.

Pereksaidi nayo angalia chupa: ikiwa imevimba au ikifunguliwa inatoa pumzi kwa nguvu, imeanza kuvunjika na haitaficha mvi. Unga wa rangi uliogandamana mabonge umekula unyevu, usiununue. Saluni yako ikiwa na bati bila dari, weka akiba chini, upande usiopigwa na jua la alasiri.

Boksi lisilo na karatasi, orodha ya vilivyomo, wala tarehe ya mwisho inayosomeka, hata likiwa bure usilichukue. Huwezi kufanya jaribio la ngozi bila kujua mtengenezaji anataka lifanywe vipi. Ukitilia shaka, waulize ZFDA, vipodozi viko chini yao huku kwetu.

Bint_Kwerekwe

Nimeandika: maboksi ya nolai ya mtu mmoja, regula sita, maildi matatu. Supa na kopo la lai nitaamua nikishapata msusi. MamaWete, huyo msusi nimpime vipi kabla sijamkabidhi lai?

MamaWete

Mpe krimu ya kawaida ya nywele na mwambie apake kichwa kizima cha mwenzake, kwenye mizizi tu, kama ritachi, nusu sentimita kutoka kwenye ngozi, huku wewe unatazama saa. Akipita dakika kumi kabla ya kumaliza kupaka, au ukikuta krimu kwenye ngozi na kwenye nywele za zamani, bado.